Mshahara Umekatika Ghafla: Kipi Usimamishe, Kipi Uuze, Kipi Usiguse

Leo naweka kando kidogo magonjwa ya mimea ili tuzungumze jambo ambalo nimeulizwa mara nyingi tangu mwaka jana hapa Makorora. Mtu alikuwa na kazi. Kwa ule mshahara akanunua ng'ombe, akapanda michungwa Muheza, akaingia kwenye kikoba, akaanza kulipia kiwanja. Kazi ikakatika. Je, aendelee kuwekeza, asimame, au auze?

Wengi mnakumbuka Januari 2025, Rais wa Marekani aliposimamisha misaada ya nje na miradi iliyokuwa ikifadhiliwa na USAID kuambiwa isitishe kazi. Watu wa miradi ya afya walipata habari hiyo ndani ya siku chache. Jirani yangu mmoja hapa Makorora alikuwa miongoni mwao, mtunza takwimu kwenye mradi kwa miaka minne. Ameniruhusu nisimulie hesabu zake ila nisitaje jina. Nazisimulia kwa sababu alifanya kosa ambalo nimeliona kwa wengi, na mimi mwenyewe sikumwahi kumshauri.

Mshahara wake ulikuwa 750,000, mkononi akipata kama 650,000. Alikuwa na ng'ombe mmoja anayekamuliwa na mtamba mmoja wa miezi 14, wote kwa mama yake Pongwe. Alikuwa na ekari moja ya michungwa Muheza, miche ya kubebesha, mwaka wa tatu, bado haijazaa. UTT AMIS, kwenye Mfuko wa Ukwasi, alikuwa na 900,000. Kwenye kikoba alinunua hisa za 10,000 kila wiki na alikuwa na mkopo uliobaki 400,000. Na alikuwa akilipia kiwanja kwa awamu, 150,000 kila mwezi, zikiwa zimebaki awamu sita.

Mwezi Februari alimuuza ng'ombe anayekamuliwa. Alipata 1,600,000. Nilipomuuliza kwa nini yule, akaniambia, "Bwana shamba, ndiye aliyekuwa na bei. Mtamba wangenipa laki saba tu. Na kiwanja nilikuwa nimebakiza kidogo." Akaendelea kulipa kiwanja, hisa za kikoba na kila kitu kama zamani. Mwezi wa sita fedha zikaisha, kiwanja kikakwama awamu mbili kabla ya mwisho, na zizini kukabaki mtamba anayekula bila kutoa hata glasi ya maziwa.

Msimamo wangu ni huu, na najua wapo watakaonipinga. Mshahara ukikatika, simamisha kwanza fedha zinazoingia kwenye vitega uchumi. Kisha uza kinachokula bila kulisha. Kinacholisha nyumba leo usikiguse mpaka mwisho kabisa, hata kama ndicho chenye bei nzuri kuliko vyote.

Kabla ya kuuza chochote, dai chako

Watu wengi wanakimbilia mnadani kabla hawajajua wanachodai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mfanyakazi wa mshahara wa mwezi anastahili taarifa ya siku 28 au malipo badala yake. Inasema pia aliyefanya kazi mfululizo miezi 12 au zaidi, akaachishwa bila kosa lake, alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10. Siku saba ni karibu robo ya mshahara. Kwa miaka minne ya jirani yangu hiyo ni karibu mshahara wa mwezi mzima. Ongeza siku za likizo ambazo hakuzichukua. Kwake jumla ilifika kama 800,000. Kama mkataba wako ulikuwa wa muda maalumu, usome vizuri, maana mkataba ulioisha kwa tarehe yake si sawa na uliokatwa katikati. Ukiona umeachishwa isivyo halali, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Siku hizo zinapita haraka kuliko unavyodhani.

La pili ni NSSF. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 kuna fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi mwenyewe hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Kwa mshahara wa 750,000 hiyo ni kama 250,000 kwa mwezi, jumla 1,500,000. Hiyo karibu ni bei ya ng'ombe aliyemuuza. Jirani yangu hakujua habari hii, akaenda kuifuatilia mwezi wa saba. Kwa hiyo wiki ya kwanza nenda na barua ya kuachishwa kazi, kitambulisho na namba yako ya uanachama, ukaulize nini kingine kinahitajika. Usiandike barua ya kujiuzulu kwa kubembelezwa na mtu yeyote, maana barua hiyo inakuondolea haki.

Maswali mawili kwa kila kitega uchumi

Chukua daftari, andika kila ulichonacho, na mbele ya kila kimoja jibu maswali mawili. Je, kinakula kiasi gani kwa mwezi? Na je, kitaanza kunilipa lini? Bei ya kuuzia iache kwanza. Bei ndiyo iliyompoteza jirani yangu.

Tuanze na yule ng'ombe. Alikuwa akitoa lita nane kwa siku. Moja inabaki nyumbani, saba zinakwenda kituo cha kukusanyia maziwa. Tukichukua shilingi 1,000 kwa lita, kwa mwezi ni 210,000. Pumba, mashudu, dawa na mtu wa kukata majani vilikula kama 90,000. Kinachobaki ni 120,000 kila mwezi, na maziwa ya watoto juu yake. Huyu anakula, lakini anajilipia na kulisha nyumba.

Sasa mtamba. Ana miezi 14. Akitunzwa vizuri atafikia uzito wa kupandwa, karibu kilo 250, akiwa na miezi kama 18. Mimba ni miezi tisa. Kwa hiyo maziwa ya kwanza ni akiwa na miezi 27, yaani miezi 13 kutoka leo. Anakula kama 35,000 kwa mwezi. Mara 13 ni 455,000 ambazo lazima zitoke mfukoni mwa mtu asiye na mshahara. Na ukimpunguzia chakula ili kubana matumizi, hatafikia uzito, joto litachelewa, na hiyo miezi 13 itakuwa 18. Huyu ndiye wa kuuzwa, na auzwe mapema akiwa na mwili mzuri. Mtamba aliyekonda mnunuzi humjua akiwa bado getini.

Najua mfugaji utaniambia mtamba ndiye kesho yako. Ni kweli. Kama unaye ndugu au jirani mwenye majani na uaminifu, mpe amtunze kwa mapatano: yeye anamlisha, ndama wa kwanza anakuwa wake, mama anarudi kwako. Andikeni, mpate mashahidi wawili, na mwenyekiti wa mtaa apige muhuri. Lakini usimbakize zizini kwa matumaini tu.

Hata ng'ombe wa maziwa nina tahadhari naye. Kabla hujamwekea tegemeo, uliza ana mimba ya miezi mingapi. Ng'ombe mwenye mimba hukaushwa miezi miwili kabla ya kuzaa, na miezi hiyo hutapata hata senti ingawa anakula. Iandike kwenye hesabu yako mapema. Na kama amepandikizwa mara tatu au nne hajashika, na maziwa yameanza kushuka, mwite daktari wa mifugo ampime. Akikuambia hana matumaini, huyo naye amekuwa anayekula bila kulisha, muuze.

Shamba la miti halifungwi kama duka

Michungwa yake Muheza ni jambo la tatu, na hapa ndipo neno kusimama linapoeleweka vibaya. Aliposikia asimame, akaacha kabisa kwenda shambani. Mti wa mwaka wa tatu hauwezi kusimamishwa wote, ila unaweza kupunguziwa.

Mbolea ya dukani unaweza kuiruka msimu mmoja. Mti utakua polepole, lakini hautakufa. Kuna mambo mawili huwezi kuyaruka. La kwanza ni moto. Majani yakiachwa yakafika kiunoni, kiangazi cha Januari na Februari wenzako wakichoma mashamba yao kuandaa masika, cheche moja inamaliza miaka mitatu. Lima kisahani cha mita moja kuzunguka kila mti, na ukanda wa kuzuia moto pembezoni. Ukilima mwenyewe na familia ni jasho tu.

La pili ni machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Mchungwa wako umebebeshwa juu ya shina la mlimau. Ukiacha lile chipukizi la chini likue msimu mmoja, linanyonya nguvu zote, na siku moja utakuta unamiliki shamba la malimao. Utalitambua kwa miiba yake mirefu na kwa mahali linapoanzia, chini ya ule uvimbe wa kiungo. Livunje kwa mkono likiwa changa. Halina gharama ila kufika shambani.

Na kati ya mistari, kwa kuwa miti bado midogo, panda kunde au mahindi. Palizi ya mahindi ndiyo palizi ya michungwa, na unakula. Muhogo usiusogeze karibu na mti, unanyang'anya maji na chakula.

Kuuza shamba lenyewe sishauri. Shamba la michungwa isiyozaa huuzwa kwa bei ya ardhi tu, ile miaka mitatu ya miti mnunuzi anaipata bure. Kama michungwa yako inazaa tayari, dalali atakuja akisikia umeachishwa kazi, akitaka kununua shamba zima machungwa yakiwa bado machanga. Ukibanwa sana, muuzie miti unayoihesabu, ishirini au thelathini, mtie alama. Usimpe shamba zima kwa bei ya mtu mwenye njaa.

Fedha zilizolala na fedha za wenzako

Fedha zake za UTT zilikuwa ndizo za kuanza kutumia. Mfuko wa Ukwasi umetengenezwa kwa ajili hiyo: unauza vipande vyako na fedha zinafika benki ndani ya siku chache za kazi. Hakuna mti unaokufa wala maziwa yanayokatika. Acha kuchangia kila mwezi, na utoe kidogo kidogo kwa mahitaji ya mwezi, zinazobaki ziendelee kupata faida. Mwenye hatifungani za Serikali awe mwangalifu zaidi: hizo zinalipa riba mara mbili kwa mwaka, na ukitaka kuuza kabla ya muda wake unauza sokoni kwa bei ya siku hiyo, inayoweza kuwa chini ya ulichoweka. Hizo ni za kuacha zilale, uchukue riba tu.

Kikoba ni tofauti, maana fedha zile ni za watu unaokutana nao msikitini na sokoni. Jirani yangu aliona aibu kusema. Aliendelea kununua hisa kamili miezi minne, kisha akapotea kwenye vikao. Angekwenda kikao cha kwanza tu na kusema, "Jamani, kazi imesimama, naomba nishuke hisa ya chini kabisa, na rejesho langu la laki moja liwe elfu hamsini," katiba za vikundi vingi zina nafasi ya hilo. Wanachama humvumilia aliyesema kabla ya kukosa. Anayekosa kwanza ndipo aeleze, huyo huonekana mkimbizi. Na usikope kausha damu ili ulipe kikoba. Huo ni moto unaozimwa kwa mafuta ya taa.

Kiwanja kinategemea mkataba. Soma panaposema ukishindwa kulipa itakuwaje. Kama fedha zako zinarudishwa au muda unaongezwa, andika barua kuomba usimame miezi mitatu. Kama mkataba unasema ukikosa unapoteza vyote, na umebakiza awamu chache, hapo nakubali uendelee, lakini kwa fedha za akiba na za mtamba, si kwa ng'ombe anayekulisha.

Hesabu zake zingekuwaje

Nyumba yake ilihitaji 380,000 kwa mwezi: kodi 60,000, chakula 240,000, na shule, maji na umeme 80,000. Ukiongeza hisa ya chini ya kikoba 10,000 na rejesho la 50,000, ni 440,000. Maziwa yanaleta 120,000. Pengo ni 320,000 kila mwezi.

Upande wa fedha, UTT 900,000, malipo ya kuachishwa 800,000, mtamba 700,000, jumla 2,400,000. Fao la NSSF 1,500,000. Zote 3,900,000. Gawanya kwa 320,000, unapata miezi 12. Mwaka mzima wa kutafuta kazi nyingine, na ng'ombe yuko zizini. Hata kama mwenye kiwanja angekataa kusubiri na akalipa zile awamu sita zote, 900,000, bado angebaki na miezi tisa na kiwanja mkononi.

Njia aliyoifuata ilikuwa hivi. Matumizi 380,000, kiwanja 150,000, UTT 50,000, hisa 40,000, rejesho 100,000, chakula cha mtamba 35,000. Jumla 755,000 kwa mwezi, bila maziwa. Ng'ombe, UTT na malipo yake vilileta 3,300,000. Hiyo ni miezi minne na siku kadhaa. Mtu yule yule, mali zile zile.

Bei nilizotumia ni zake na za wakati ule. Wewe weka zako.

Kwa wenye maduka na magenge

Wafanyabiashara mtaniuliza duka linaingia wapi. Jiulize: je, duka hili limewahi kujinunulia mzigo lenyewe miezi mitatu mfululizo bila mimi kuongeza fedha ya mshahara? Kama ndiyo, hilo ni ng'ombe wa maziwa, lilinde, na nyumba isichote mtaji wake. Kama hapana, lilikuwa linalishwa na mshahara, na hilo ni mtamba. Usiongeze mzigo. Uza vilivyokaa rafuni zaidi ya mwezi hata kwa bei ya kununulia, baki na vile vinavyotoka kila siku kama unga, sukari, sabuni na mafuta, na funga daftari la mkopo. Baada ya wiki sita utaona kama kinachobaki kinajiendesha. Kisipojiendesha, funga ukiwa bado na mtaji wa kuhesabu.

Wapo wanaosema uza kila kitu ukae na fedha mkononi. Fedha mkononi bila maziwa wala hisa huisha, na kurudi tena ni bei mpya: ng'ombe kama yule leo jirani yangu hampati kwa 1,600,000. Wapo wengine wanaosema komaa, usiguse mtaji hata kidogo. Hao ndio wanaoishia kausha damu. Mimi nasema uza, lakini kwa zamu, ukianzia na kinachokula bila kulisha.

Jirani yangu sasa anafanya kazi ya mkataba mfupi Kange. Juzi nilimkuta kwa mama yake Pongwe, mtamba ana mimba ya miezi saba. Amenunua madumu mawili ya maziwa, mapya. Aliniambia, "Huyu hata nikose nini, hatoki hapa."

Mwenye swali juu ya hesabu zake anifuate ofisini, aje na daftari. Tukutane wiki ijayo, nitaeleza namna ya kukausha ng'ombe bila kumpa ugonjwa wa kiwele.